Kampuni Zikiongezeka, Bei Hushuka Hadi Wapi?

Kampuni zinazouza bidhaa ileile zinaweza kushindana kwa kuamua kila moja izalishe kiasi gani, kisha jumla ya mzigo uliofika sokoni ndiyo inayopanga bei. Mfaransa Antoine Augustin Cournot aliueleza ushindani huu mwaka 1838, akitumia mfano wa wenye chemchemi mbili za maji ya madini.

Tuseme ni saruji. Bei ya mfuko huanzia shilingi 30,000, na kila mfuko unaoongezwa sokoni kwa siku huishusha kwa shilingi 1. Kuzalisha mfuko mmoja hugharimu shilingi 6,000. Kiwanda kikiwa peke yake, faida yake huwa kubwa zaidi kikitoa mifuko 12,000, na bei inasimama kwenye 18,000. Kikizidisha hapo, hasara ya kushusha bei ya mifuko yake yote inapita faida ya mfuko ulioongezwa.

Kikija kiwanda cha pili chenye gharama zilezile, hesabu hubadilika. Viwili hivyo vingeweza kugawana mifuko 12,000 na kuilinda bei ya 18,000, kila kimoja kikipata faida ya shilingi milioni 72 kwa siku. Lakini mwenzake akibaki kwenye 6,000, kiwanda kinachopandisha uzalishaji hadi 9,000 hupata milioni 81, ingawa bei imeshuka hadi 15,000. Sababu ni kwamba hasara ya bei kushuka humwangukia pia mwenzake, naye mwongezaji huhesabu sehemu yake tu. Kila upande ukifikiri hivyo, vyote huishia kutoa 8,000, bei inakuwa 14,000, na kila kimoja kinabaki na milioni 64. Hapo hakuna anayefaidika kwa kubadili kiasi chake peke yake.

Idadi ikizidi, sehemu ya hasara inayomrudia kila mmoja hupungua, na bei huzidi kushuka. Viwanda 3 huleta 12,000. 5 huleta 10,000. 11 huleta 8,000. Wa kwanza kuingia ndiye mwenye uzito: kutoka kimoja hadi viwili bei hupungua 4,000, ilhali kutoka 5 hadi 11 hupungua 2,000 tu. Huisogelea gharama ya 6,000 bila kuifikia.

Msongamano wa soko hupimwa kwa kipimo cha Herfindahl na Hirschman: asilimia ya soko ya kila kampuni huzidishwa kwa yenyewe, kisha majibu hujumlishwa. Kampuni zikilingana, ni 10,000 kugawanywa kwa idadi yao: mbili hutoa 5,000, tano 2,000. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2023 huhesabu soko lililopita 1,800 kuwa limeshikwa na wachache mno.

Kipimo hicho pekee hakitoshi. Viwanda viwili vikikubaliana kwa siri kurudi kwenye 6,000 kila kimoja, bado kitasoma 5,000, huku mnunuzi akilipa 18,000. Mamlaka za ushindani hazina budi kuiangalia bei dhidi ya gharama pia.