Uvimbe wa Kinena Uliotoka Mgongoni

Kesi ya kifua kikuu inayofaa kuwasilishwa kwenye kikao cha madaktari ni ile ambayo mgonjwa hakohoi. Kifua kikuu cha mapafu kila mtu anakifahamu: kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, jasho la usiku, kukonda, makohozi yenye damu. Lakini bakteria wake wanaweza kusafiri kwa njia ya damu kutoka kwenye mapafu, hata pale ambapo mapafu yenyewe yalijiponea zamani bila mtu kujua, wakaenda kuweka makao kwenye mifupa. Kati ya mifupa yote, uti wa mgongo ndio unaoshambuliwa zaidi. Takriban nusu ya kifua kikuu cha mifupa na viungo hukaa hapo. Na mara nyingine mgonjwa wa mgongo huja hospitali akilalamikia kinena.

Kesi ifuatayo ni ya mfano, imeundwa kutokana na sura ya ugonjwa inayofahamika vitabuni na wodini, na imepangwa kwa utaratibu unaotumika kwenye vikao hivyo: kwanza maelezo ya mgonjwa, kisha yaliyoonekana kwa macho na mikono, halafu vipimo, na tiba mwisho. Kuna sababu ya kushika utaratibu huo. Mwasilishaji akianza kwa kutaja jina la ugonjwa, wasikilizaji hawafikiri tena, wanasubiri tu kuthibitishiwa. Inafaa zaidi wapite njia ileile aliyopita daktari wa zamu, pamoja na mahali alipoteleza.

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 38, mpakia mizigo sokoni. Amepewa rufaa kutoka kituo cha afya kwa upasuaji wa ngiri, kwa kuwa ana uvimbe juu ya paja la kulia, chini kidogo ya mkunjo wa kinena. Uvimbe una wiki sita, hauumi sana, na akilala chali hupungua. Akikohoa unasukuma kidogo. Kila kitu kinaonekana kuelekea kwenye ngiri, na ndivyo barua ya rufaa inavyosema.

Swali lililobadilisha mwelekeo lilikuwa la kawaida kabisa: kabla ya uvimbe kutokea, kulikuwa na nini? Mgonjwa akajibu kwamba mgongo ulikuwa unamuuma kwa miezi saba. Hakuwa ameutaja kwa sababu kila mbeba mizigo anaumwa mgongo, na kila alipokwenda dukani alipewa vidonge vya maumivu. Lakini maumivu haya yalikuwa na tabia yake. Hayakutulia alipopumzika, na usiku yalizidi. Suruali ilikuwa imelegea. Kilo 61 zilikuwa zimeshuka hadi 52. Homa ya jioni ilikuja na kuondoka, naye akaihesabu kuwa malaria.

Katika uchunguzi, jambo la kwanza lilionekana kabla hajapanda kitandani. Alitembea amejikunja kiunoni upande wa kulia, goti likiwa limepinda kidogo. Alipoombwa aokote kalamu iliyoanguka sakafuni, hakuinama. Alichuchumaa, mkono mmoja ukiwa umeshika paja, mgongo umenyooka kama ubao, akaokota na kuinuka hivyohivyo. Mtu mwenye maumivu ya kawaida ya misuli huinama huku akiguna. Mwenye pingili inayoliwa haikubali kabisa iguswe na mwendo. Vidole vilipopitishwa juu ya uti wa mgongo, pingili moja ya kiunoni ilikuwa imechomoza kidogo kuliko wenzake, na ilipogongwa taratibu kwa ngumi alishtuka.

Baada ya hapo uvimbe wenyewe ukachunguzwa upya. Haukuwa na joto wala wekundu. Ulikuwa laini, kama mfuko wa maji. Mkono mmoja ulipobonyeza tumbo la chini upande wa kulia, mkono wa pili uliokuwa juu ya paja ulihisi uvimbe ukijaa. Maana yake ni kwamba kuna mfuko mmoja wenye vyumba viwili, kimoja tumboni na kingine pajani. Alama nyingine ni mahali uvimbe ulipokaa. Ngiri ya paja hutokea upande wa ndani wa mshipa mkubwa wa damu unaodunda kinenani. Uvimbe huu ulikuwa upande wa nje wa mdundo huo. Ni umbali wa vidole viwili tu, lakini unatosha kuahirisha upasuaji.

Maelezo yake yamo katika maumbile ya mwili. Pembeni mwa pingili za kiuno, kulia na kushoto, kuna msuli mnene unaoitwa soasi. Huanzia kwenye pingili hizo, hushuka nyuma ya matumbo, hupita chini ya mkunjo wa kinena na kujishika juu ya mfupa wa paja. Kazi yake ni kuinua paja, na umefunikwa na ala inayouzunguka kama soksi. Pingili inapooza kwa kifua kikuu, usaha hutafuta njia rahisi, na njia hiyo ni ndani ya ala ya soasi. Huteremka polepole kwa wiki na miezi hadi kutokeza pajani, sentimita nyingi kutoka ulikoanzia. Msuli uliowashwa na usaha hukakamaa, ndiyo sababu mgonjwa alitembea amekunja nyonga. Na kwa kuwa kinga ya mwili hupambana na bakteria hawa taratibu, jipu hili halichemki kama majipu mengine. Madaktari huliita jipu baridi.

Ugonjwa huu ni wa kale. Mwaka 1779 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika juu ya watu wenye kibiongo na miguu iliyopooza, na jina lake likabaki kwenye ugonjwa. Lakini mwaka 1910 Marc Armand Ruffer na Grafton Elliot Smith walieleza maiti iliyokaushwa ya kuhani wa Misri ya Farao, wa ukoo wa 21, aliyekuwa na pingili zilizobomoka na jipu kubwa la soasi. Ruffer na mwenzake walikuwa wakiangalia, baada ya miaka karibu 3,000, uvimbe wa aina ileile ya mpakia mizigo huyu.

Vipimo vilianza kwa kupotosha. Picha ya kifua ilikuwa safi. Mgonjwa hakuwa na makohozi ya kupima. Kwenye vikao vingi hapa ndipo mtu husema kwamba basi si kifua kikuu, na hapo ndipo anapokosea, kwani wagonjwa wengi wa kifua kikuu cha mgongo mapafu yao hayaonyeshi kitu. Kipimo cha VVU kilikuwa hasi. Kasi ya kuzama kwa chembe za damu ilikuwa juu, jambo linaloonyesha tu kwamba kuna kitu kinawaka mwilini. Eksirei ya mgongo ndiyo iliyosema zaidi: nafasi kati ya pingili ya pili na ya tatu ya kiuno ilikuwa imepungua, na kingo za mbele za pingili zote mbili zilikuwa zimeliwa. Eksirei lakini huchelewa. Mfupa hupoteza theluthi moja au zaidi ya madini yake kabla uharibifu haujaonekana. Picha ya MRI ingeonyesha mapema zaidi, pale inapopatikana.

Kuliwa kwa pingili mbili jirani, pamoja na nafasi iliyo kati yao, kuna uzito katika mjadala. Saratani iliyosambaa kwenye mifupa kwa kawaida hula mfupa wenyewe na kuiacha diski iliyo kati ya pingili salama. Bakteria wa majipu ya kawaida huharibu diski haraka, mgonjwa akiwa na homa kali. Kifua kikuu huja kwa mishipa inayolisha kingo za pingili mbili kwa pamoja, na huila diski polepole. Unabaki ugonjwa wa brusela, ambao hufanana nacho sana, hasa kwa mfugaji au mnywaji wa maziwa yasiyochemshwa. Mgonjwa huyu hakuwa mmoja wao, lakini kuulizwa aliulizwa.

Altrasaundi ilithibitisha mfuko wa majimaji kutoka ubavu wa uti wa mgongo hadi pajani. Usaha ukavutwa kwa sindano. Namna ya kuuvuta ina maana kubwa. Sindano huingizwa kupitia ngozi nzima, mbali kidogo na mahali uvimbe ulipochongoka, ikipita kimshazari, ili tundu lijifunge lenyewe. Anayelipasua jipu baridi kwa kisu kama anavyopasua jipu la kawaida huacha kidonda kinachotoa usaha kwa miezi, na bakteria wengine huingia kwa njia hiyohiyo. Kosa la pili la mara kwa mara ni kuanza siprofloksasini au levofloksasini kwa kubahatisha. Dawa za kundi hilo huwadhoofisha bakteria wa kifua kikuu bila kuwamaliza. Mgonjwa hupata nafuu ya muda, vipimo hufichika, ugonjwa huendelea chini kwa chini.

Usaha ulikuwa mzito, wa manjano, usionuka. Kwa hadubini hakukuonekana kitu. Hilo halishangazi, kwa sababu hadubini huhitaji maelfu ya bakteria katika kila mililita, na usaha wa mifupa huwa na wachache. Mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya bakteria, huweza kuwatambua wakiwa mia moja na kitu, na toleo lake jipya hata pungufu ya hapo. Baada ya chini ya saa mbili jibu lilikuja: kifua kikuu kipo, na hakina usugu kwa rifampisini. Sehemu nyingine ya usaha ilipelekwa kuoteshwa maabara.

Kabla ya dawa, miguu ilichunguzwa kwa makini: nguvu, hisia, na kama mkojo unatoka vizuri. Ganzi ya miguu au kushindwa kuzuia haja maana yake uti wa fahamu umebanwa, na hapo mgonjwa hupelekwa haraka kwa bingwa wa upasuaji. Kwa asiye na dalili hizo dawa peke yake mara nyingi hutosha. Hadi katikati ya karne iliyopita wagonjwa walilazwa miezi mingi wakiwa wamefungwa plasta ya kiwiliwili. Majaribio yaliyofanyika Korea kuanzia miaka ya 1960 yalionyesha kwamba kitanda na plasta havikuongeza chochote juu ya dawa.

Kwa kilo 52, mgonjwa alianza vidonge vitatu kwa siku, kila kimoja kikiwa na rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Baada ya miezi miwili hubaki rifampisini na isoniazidi. Kwa mifupa, miongozo mingi hurefusha tiba hadi miezi 9 au 12, na uzito ukivuka kilo 55 vidonge huongezwa kuwa vinne. Aliambiwa mapema kwamba mkojo utageuka rangi ya machungwa, kwamba macho yakipoteza uwezo wa kutofautisha rangi arudi mara moja, na kwamba uvimbe unaweza kuongezeka wiki za mwanzo bila dawa kuwa zimeshindwa. Familia ilichunguzwa pia. Yeye mwenyewe hakuwa akiwaambukiza, lakini aliyemwambukiza yeye huenda bado anakohoa jirani.

Kupona kwake hakuwezi kupimwa kwa makohozi, kwa hiyo kila mwezi hupimwa uzito, maumivu, mwendo, na picha ya pingili zikianza kushikana kuwa mfupa mmoja. Pingili iliyochomoza haitarudi mahali pake, na kazi ya kubeba magunia hataweza kuirudia.