Uvimbe wa Tezi ya Juu ya Figo Ulioonekana Bila Kutafutwa: Msongamano Wake Unatueleza Nini?

Mkulima wa korosho wa Newala, mwanamke mwenye umri wa miaka 58, alianguka kutoka kwenye pikipiki katika barabara iendayo Masasi na kuumia mbavu za kushoto. Kwa kuhofia kwamba bandama imepasuka, madaktari walimfanyia kipimo cha siti skani ya tumbo. Bandama ilikuwa salama, lakini ripoti iliongeza mstari mmoja: uvimbe wa sentimita 2.4 katika tezi adrenali ya kushoto, msongamano 46. Alipofika katika kliniki yetu, wanawe walikuwa wamekwisha kuanza kumtafuta mnunuzi wa shamba la mikorosho ili kulipia upasuaji wa saratani.

Tezi adrenali ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo, nazo hutengeneza homoni kama vile kortisoli, aldosteroni na adrenalini. Uvimbe ndani yake si jambo adimu. Kati ya watu wa umri wa miaka 50 hivi, takriban 3 katika kila 100 wanao, na walio wengi hawatajua kamwe. Sehemu kubwa ya uvimbe huo ni adenoma, yaani kinundu kisicho saratani.

Tutautambuaje basi bila kuukata? Siti skani haitoi picha tu. Hupima ni kwa kiasi gani kila nukta ya mwili inazuia miali ya eksirei. Kipimo hicho huhesabiwa kwa vizio vya Hounsfield, vilivyoitwa kwa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Maji ni 0 na hewa ni -1000. Mafuta huelea karibu na -100, na nyama ya kawaida ya mwili huwa kati ya 30 na 60.

Seli za gamba la tezi adrenali hutengeneza homoni zake kutokana na kolesteroli, nazo huiweka akiba ndani yao kama vitone vya mafuta. Adenoma nyingi hurithi tabia hiyo. Mafuta yaliyochanganyika na nyama huushusha msongamano wa uvimbe hadi karibu na ule wa maji. Seli za saratani kwa kawaida hazina akiba hiyo. Kwa hiyo uvimbe wenye sura moja kote, na msongamano usiozidi 10, huhesabiwa kuwa si saratani, na miongozo ya Ulaya ya mwaka 2023 haidai picha nyingine ya ufuatiliaji.

Hapa ndipo penye mtego. Kipimo hicho kina maana hiyo tu kikichukuliwa kabla ya mgonjwa kudungwa mshipani dawa ya kung'arisha picha. Dawa hiyo huingia na damu ndani ya uvimbe na kuipandisha namba, hata adenoma iliyojaa mafuta ikafika 40 au zaidi. Kwa mgonjwa wa ajali dawa ilikuwa ya lazima, kwani bila hiyo mpasuko wa bandama hufichika. Namba 46 haikuwa na kosa; ilijibu swali jingine.

Tulirudia kipimo bila dawa. Duara la kupimia liliwekwa katikati ya uvimbe, likachukua takriban theluthi mbili ya eneo lake bila kugusa kingo, maana mafuta yanayoizunguka tezi yakiingia ndani ya duara huishusha namba kwa uongo. Jibu lilikuwa 4.

Namba ikizidi 10 haimaanishi saratani, kwa kuwa takriban theluthi moja ya adenoma zina mafuta machache. Hata hivyo, uvimbe unaozidi 20, au unaozidi 10 na kupita sentimita 4, unastahili kujadiliwa na jopo la wataalamu. Katika nchi yetu sharti tukumbuke pia kifua kikuu, ambacho huweza kuzivimbisha tezi zote mbili kwa pamoja.

Msongamano hauelezi kama uvimbe unamwaga homoni. Kwa sababu hiyo mgonjwa alimeza miligramu 1 ya deksamethasoni saa tano usiku, na damu ikachukuliwa saa mbili asubuhi. Kortisoli isipozidi nanomoli 50 kwa lita, tezi inatii. Yake ilikuwa 31. Shinikizo lake la damu na potasiamu vilikuwa vya kawaida, hivyo aldosteroni haikuhitaji kupimwa. Uvimbe unaomwaga adrenalini nao hauwi na msongamano mdogo namna ile, kwa hiyo kipimo chake kiliachwa.

Hakupangiwa picha nyingine. Mbavu zilipona baada ya wiki sita, na shamba lilikuwa bado halijapata mnunuzi.