Memo ya kurasa mbili juu ya hukumu ya wachache

Mgombea wa udiwani ameshindwa kwa kura 60. Katika kituo kimoja, fomu ya matokeo haina saini ya msimamizi. Amekwenda kwa wakili kuuliza kama uchaguzi unaweza kufutwa. Mgombea huyu ni wa mfano tu, lakini kila baada ya uchaguzi Kenya ofisi za mawakili hupokea watu kama yeye. Wakili mwandamizi hana muda wa kusoma mamia ya kurasa, hivyo humwambia wakili mchanga asome kesi ya urais ya 2017, hasa majaji wawili waliopinga, kisha amwandikie memo ya kuambatanisha na hukumu hizo.

Kesi yenyewe inajulikana. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta kwa kura nne dhidi ya mbili. Majaji Maraga, Mwilu, Wanjala na Lenaola walikuwa upande mmoja, Ojwang na Njoki Ndung'u upande wa pili. Jaji Ibrahim alikuwa ameugua.

Wakili mchanga huvutiwa na hukumu ya wachache kwa sababu mara nyingi imeandikwa kwa moto kuliko ile ya wengi, na hapo ndipo memo nyingi huharibika. Anaijaza dondoo tamu, na mkubwa wake anafika ukurasa wa pili bila kujua kama hoja hizo zinaweza kusimama mahakamani. Memo nzuri huanza na jibu: hukumu hii si sheria. Chini ya Ibara ya 163(7) ya Katiba, kila mahakama nyingine inafungwa na uamuzi wa Mahakama ya Juu, na uamuzi ni ule wa wengi. Hakimu atakayesikiliza kesi ya udiwani hawezi kuwafuata Ojwang na Ndung'u dhidi ya wenzao wanne, hata akiwaona wana haki.

Baada ya jibu hilo, memo inatakiwa kuonyesha majaji waliachana wapi hasa. Njia panda ilikuwa kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi. Wengi walikisoma kwa neno "au": uchaguzi unaweza kufutwa ikiwa umevunja kwa kiasi kikubwa misingi ya Katiba, au ikiwa kasoro zimeathiri matokeo. Lolote kati ya hayo likithibitishwa, linatosha. Wachache waliweka uzito kwenye ushahidi kwamba matakwa ya wapiga kura yalikuwa yameharibiwa kweli, na hawakuuona. Jaji Ndung'u alizipitia mwenyewe fomu zilizokuwa mahakamani na akapinga madai mengi kwamba zilikuwa na dosari.

Hapo wakili mchanga anapaswa kutenganisha mambo mawili. Tofauti juu ya ushahidi, yaani kama fomu fulani ilikuwa na saini au la, huisha pamoja na kesi yake, na haimsaidii mtu yeyote mwaka mwingine. Tofauti juu ya sheria inaweza kuendelea kuishi. Hii ya 2017 iliishi kwa namna ya ajabu kidogo: kabla mwaka haujaisha Bunge lilibadilisha kifungu cha 83, "au" ikawa "na", ili mlalamikaji alazimike kuthibitisha yote mawili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikayatangaza mabadiliko hayo kuwa kinyume cha Katiba. Memo inayoishia kwenye hatua ya Bunge inamdanganya msomaji wake, na si vigumu kuiandika, kwa kuwa nakala za kifungu kilichobadilishwa bado zinazunguka.

Hatua inayofuata ni 2022. Mahakama hiyohiyo ilitupilia mbali kesi dhidi ya ushindi wa William Ruto, safari hii bila jaji hata mmoja kupinga, ikisema kasoro zilizoonyeshwa hazikuwa kubwa kiasi cha kuathiri matokeo. Ukisoma haraka utadhani wachache wa 2017 wameshinda. Si hivyo: uamuzi wa 2017 haukufutwa. Ila unajua swali litakalotoka kinywani mwa hakimu, na hilo kwa maoni yangu ndilo jambo lenye faida zaidi katika memo nzima. Hukumu ya wachache ni hoja za mpinzani wako zilizokwisha kuandikwa na majaji.

Kwa mgombea wetu maana yake ni hii. Saini moja iliyokosekana ni kasoro, lakini wakili wa upande wa pili atafuata njia ya Ndung'u: atafungua fomu na kuuliza kama hesabu yake inatofautiana na ile waliyobaki nayo mawakala. Mwaka 2017 wengi walikuwa pia na jambo ambalo diwani hana: tume ilishindwa kutekeleza ipasavyo amri ya mahakama ya kufungua seva zake. Hivyo sehemu ya mwisho ya memo haihitaji falsafa. Inamwomba mkubwa aidhinishe mambo mawili: mteja alete nakala za fomu 36A kutoka kwa mawakala wake wa vituo vyote, na aambiwe mapema kwamba kesi lazima ifunguliwe ndani ya siku 28 tangu matokeo yatangazwe.