Tanzania: Barua ya kuachishwa kazi inapoandikwa upya, kila sentensi hutakiwa kuwa na ushahidi wake

Mfanyakazi anapoachishwa kazi nchini Tanzania kwa utovu mkubwa wa nidhamu, karatasi anayoondoka nayo mkononi huwa na uzito kuliko maneno yote aliyoambiwa ofisini. Barua hiyo ndiyo itakayosomwa na ndugu zake, na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na hatimaye na msuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake, CMA. Hata hivyo, barua nyingi za namna hii huandikwa kwa hasira. Humlaumu mtu kwa ukali, lakini hazisemi alitenda nini, alisikilizwa lini, wala anaweza kukata rufaa wapi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili pale uamuzi wake unapopingwa: kwamba alikuwa na sababu halali na ya haki, na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Mzigo huo ni wa mwajiri, si wa mfanyakazi. Kanuni za Utendaji Bora zilizotangazwa mwaka 2007 zinaongeza kwamba mfanyakazi aliyeachishwa kazi apewe sababu za uamuzi huo na akumbushwe haki yake ya kupeleka mgogoro mbele. Kwa hiyo barua isiyotaja sababu wala haki hiyo ina pengo la kisheria, licha ya kukosa ustaarabu.

Barua ya kwanza

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini unafanana na mashauri mengi. Mtunza ghala wa kampuni ya usafirishaji jijini Mwanza, mwenye miaka 9 kazini, anatuhumiwa kwamba tarehe 5 Mei aliandika katika daftari la ghala kuwa lita 600 za dizeli zimetolewa kwa lori fulani, ilhali siku hiyo lori hilo lilikuwa gereji, injini yake ikiwa imefunguliwa. Meneja anaandika rasimu hii:

“Kutokana na tabia yako ya wizi iliyozoeleka, na baada ya kuisaliti kampuni iliyokulea kwa miaka mingi, uongozi umeamua kukufukuza kazi mara moja. Umepewa nafasi ya kujitetea na umeshindwa. Huna haki ya kudai chochote.”

Rasimu hiyo ina sentensi tatu, na kila moja inaweza kumgharimu aliyeiandika. Neno “wizi” ni la kwanza. Tuhuma aliyokabidhiwa mtunza ghala ilihusu kuandika taarifa ya uongo. Hakuna aliyemwona akichukua mafuta, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Barua ikimwita mwizi, imeleta kosa jipya ambalo hakupata kulijibu, na mwajiri atadaiwa ushahidi wa wizi alioutaja mwenyewe. Maneno “tabia iliyozoeleka” nayo yanadai kwamba yalikuwapo makosa mengine, ilhali faili la mfanyakazi halina onyo hata moja.

Sentensi ya pili inagusa utaratibu bila kuuonyesha. Nafasi ya kujitetea ilitolewa lini, mbele ya nani, na baada ya kupewa muda gani? Sentensi ya tatu ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, kwa kuwa si kweli. Anayeachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu bado anastahili mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo anayodai kwa mujibu wa sheria, na cheti cha utumishi. Kama aliajiriwa mahali pengine na kuletwa Mwanza, sheria pia inamwekea haki ya usafiri wa kurudi alikotoka. Anachoweza kukosa ni kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka wa kazi, endapo kuachishwa kwake ni kwa haki na kwa sababu ya mwenendo wake.

Kurudi kwenye kumbukumbu

Kuiandika upya barua hii hakuanzi na kutafuta maneno laini. Kunaanza na kuweka mezani karatasi zilizokwisha kuwapo: ripoti ya uchunguzi, taarifa ya tuhuma yenye saini ya kupokea, kumbukumbu za kikao cha nidhamu na uamuzi wa mwenyekiti. Mwandishi kisha hujiuliza, kwa kila sentensi, inatoka katika karatasi ipi. Sentensi isiyo na karatasi yake huondolewa.

Katika mfano huu, uchunguzi ulifanyika kuanzia tarehe 6 hadi 9 Mei. Mtunza ghala alikabidhiwa taarifa ya tuhuma tarehe 13 Mei saa 9 alasiri, na kikao kikafanyika tarehe 16 Mei saa 3 asubuhi. Hizo ni saa 66. Kanuni zinataka mfanyakazi apewe muda wa kutosha wa kujiandaa, usiopungua saa 48, na aruhusiwe kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Zinataka pia kikao kiongozwe na kiongozi wa ngazi ya kutosha ambaye hakuhusika katika tukio lenyewe, na taarifa ya tuhuma iwe katika lugha ambayo mfanyakazi anaielewa. Sharti hilo la mwisho husahaulika mara kwa mara, hasa pale barua zinapoandikwa kwa Kiingereza kwa watu wanaofanya kazi zao zote kwa Kiswahili.

Kumbukumbu za kikao zinaonyesha jambo ambalo rasimu ya kwanza ililificha. Mtunza ghala alikiri kuandika, lakini akasema alielekezwa kwa simu na msimamizi wa safari. Msimamizi aliitwa, akakana, na mtunza ghala akapata nafasi ya kumhoji. Mwenyekiti aliridhika kwamba mtunza ghala alijua alichoandika si kweli. Hakuamua ni nani aliyechukua mafuta.

Barua ya pili

Kutokana na kumbukumbu hizo, sehemu kuu ya barua mpya inasomeka hivi:

“Barua hii inakujulisha uamuzi uliotokana na kikao cha nidhamu cha tarehe 16 Mei. Tuhuma uliyoijibu ilikuwa moja: kwamba tarehe 5 Mei uliandika katika daftari la ghala kuwa lita 600 za dizeli zimetolewa kwa lori ambalo lilikuwa gereji. Ulikabidhiwa tuhuma hiyo kwa maandishi tarehe 13 Mei, na katika kikao ulisaidiwa na mfanyakazi mwenzako uliyemchagua.

Kikao kilipokea daftari la ghala, kadi ya gereji na maelezo ya fundi mkuu. Ulieleza kwamba uliandika kwa maelekezo ya simu ya msimamizi wa safari. Msimamizi alikana, nawe ulimhoji. Mwenyekiti aliona kwamba ulijua maandishi hayo si ya kweli, na kwamba kitendo hicho ni ukosefu mkubwa wa uaminifu. Hakutoa uamuzi kuhusu aliyechukua mafuta.

Uliomba adhabu ipunguzwe kwa sababu ya miaka 9 ya kazi bila onyo. Ombi hilo lilizingatiwa. Hata hivyo, kwa kuwa kazi ya mtunza ghala inategemea ukweli wa daftari, imeamuliwa kwamba ajira yako ikome leo, tarehe 20 Mei, bila notisi.”

Aya zinazofuata zinaorodhesha malipo yake na siku ya kulipwa, zinaeleza kwamba cheti cha utumishi kimeambatishwa, na zinamalizia kwa haki ya rufaa: “Usiporidhika, unaweza kukata rufaa kwa maandishi kwa mkurugenzi mkuu kabla ya mwisho wa saa za kazi tarehe 27 Mei. Unaweza pia kupeleka mgogoro CMA ndani ya siku 30.”

Barua ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini haina tusi, wala haimpunguzii mwajiri nguvu. Utetezi wa mfanyakazi umetajwa kama alivyoutoa yeye, na sababu ya kuukataa imewekwa wazi. Akitaka kukata rufaa, anajua hasa ni hoja ipi anayopaswa kuipinga: je, ile simu ilipigwa au haikupigwa?

Siku zinavyohesabiwa

Sehemu ya rufaa ndiyo inayokosewa zaidi, kwa sababu ndani yake mna milango miwili tofauti. Rufaa ya ndani hufuata utaratibu wa kampuni. Mwongozo ulioambatishwa na kanuni za 2007 unataja siku 5 za kazi. Ndiyo maana barua ya tarehe 20 Mei, siku ya Jumanne, inataja tarehe 27, Jumanne inayofuata. Kuandika tarehe yenyewe ni bora kuliko kuandika “siku 5”, kwani huondoa ubishi kama Jumamosi inahesabiwa.

Mlango wa pili ni CMA, ambako mgogoro kuhusu uhalali wa kuachishwa kazi hufunguliwa kwa fomu namba CMA F.1. Siku 30 huhesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa kazi, au tangu siku mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kuuthibitisha uamuzi wake. Bila rufaa ya ndani, mtunza ghala ana muda hadi tarehe 19 Juni. Akikata rufaa na kujibiwa tarehe 10 Juni kwamba uamuzi umethibitishwa, hesabu inaweza kuanzia hapo. Akichelewa, atalazimika kwanza kuiomba Tume imwongezee muda na kueleza sababu za kuchelewa, na ombi hilo linaweza kukataliwa.

Njia hii ina mipaka yake. Masharti ya sheria kuhusu kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu mfanyakazi aliyetumikia chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, na watumishi wa umma hutakiwa kwanza kumaliza njia za rufaa zilizowekwa katika sheria ya utumishi wa umma.

Kalamu haiwezi kutibu

Upo mpaka mwingine, unaomhusu mwandishi wa barua. Ikiwa katika kupekua faili inaonekana kwamba kikao hakikufanyika, au kwamba meneja aliyelalamika ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti, hakuna maneno ya kistaarabu yatakayoziba pengo hilo. Kuandika “baada ya kusikilizwa” pale ambapo mtu hakusikilizwa ni kuongeza uongo juu ya kosa la utaratibu. Kinachotakiwa hapo ni kuizuia barua isitoke, kumwita mfanyakazi, na kuanza kikao upya mbele ya mtu mwingine aliye tayari kufikia uamuzi tofauti.

Kwa anayeipokea barua, kipimo ni hicho hicho kikigeuzwa. Atafute ndani yake tendo moja lenye tarehe, siku aliyokabidhiwa tuhuma, siku aliyosikilizwa, jibu alilopewa kwa utetezi wake, na mahali pa kukata rufaa. Lolote kati ya hayo likikosekana, aliandike pembeni ya barua hiyo hiyo kwa kalamu yake mwenyewe, pamoja na tarehe aliyoipokea, kisha aitunze nakala. Atakapofika mbele ya msuluhishi, hapo ndipo maelezo yake yatakapoanzia.