Herufi Zisizovuja: Bango la Kitambaa kwa Siku ya Mahafali

Mahafali ya kidato cha nne nchini Tanzania hufanyika kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba, na katika shule nyingi kazi ya kuandika bango humwangukia mwalimu mwenye mwandiko mzuri pamoja na wanafunzi wachache waliojitolea. Wanakabidhiwa kitambaa, kopo la rangi na brashi. Bango likishatundikwa langoni, kasoro huonekana hata kwa mpita njia: herufi zimeota manyoya. Kingo zimesambaa kufuata nyuzi za kitambaa, tundu la A limeziba, na ndani ya herufi moja rangi imekolea huku na kupauka kule.

Lawama hupewa mkono wa mchoraji. Mara nyingi mkono hauna hatia. Mkosaji ni wingi wa rangi kwenye brashi, na anayelielewa hilo ataandika bango safi hata kama hajawahi kushika brashi.

Uzi wa pamba hunyonya. Rangi ya maji, ile ile ya kupakia kuta, ni chembe za rangi na gundi vilivyochanganywa na maji. Brashi iliyolowa inapobonyezwa kwenye tundu la stensili, maji hukimbilia penye ukavu, na ukavu upo chini ya stensili. Uzi huyavuta huko, nayo hubeba rangi. Ndiyo maana manyoya huelekea pande mbili, ya wima na ya mlalo, kama kitambaa kilivyofumwa. Ukiyaona hivyo, usihangaike kunoa wembe au kukata stensili nyingine. Punguza rangi.

Tuchukue bango moja tulifuate hadi mwisho. Kitambaa ni marekani ya upana wa sentimita 90, imekatwa mita 3. Mstari wa juu unasema KARIBUNI MAHAFALI, wa chini KIDATO CHA NNE. Kwa herufi za urefu wa sentimita 20, mgeni aliye mita 20 kutoka langoni atasoma bila kukaza macho. Herufi ya kawaida tunaipa upana wa sentimita 14 na unene wa mstari sentimita 4. M inahitaji 18, na I ni mstari mmoja tu, yaani 4. Kati ya herufi na herufi tunaacha sentimita 3, na kati ya neno na neno 14.

Kabla ya kugusa rangi, jumlisha. Mstari wa juu unafika sentimita 254, kwa hiyo kila upande unabaki na 23. Mstari wa chini ni sentimita 213, unabaki na 43 na nusu kila upande. Hesabu hii ni ya dakika kumi, nayo ndiyo inayoepusha aibu ya neno la mwisho kubanwa pembeni herufi zikiwa nyembamba kama njiti. Kwenda juu na chini, mistari miwili inachukua sentimita 40, nafasi kati yao 12, zinabaki 19 juu na 19 chini. Pembeni panatosha kushonea mfuko wa kupitishia mti wa kutundikia bila kula herufi.

Maneno hayo yana herufi 28, lakini stensili zinazohitajika ni 16 tu, kwa kuwa A peke yake inarudi mara sita. Karatasi ya manila inafaa ikikingwa na maji: ipake vanishi au rangi ya mafuta pande zote mbili, ikauke usiku kucha, ndipo uikate. Manila isiyokingwa hulegea baada ya herufi chache na kingo zake hujikunja, na ukingo uliojikunja hauwezi kuzuia rangi. Plastiki ngumu ya jalada la faili ni bora zaidi, hasa kwa hiyo A inayotumika mara sita. Acha karibu sentimita 5 za karatasi kuizunguka herufi pande zote, ili brashi isitoke nje ikachafua kitambaa.

Herufi zenye tundu, yaani A, R, B, D na O, zina jambo lake. Ukikata O yote, katikati inaanguka. Lazima uache vishikizo viwili vya upana wa karibu sentimita moja, juu na chini, vya kushikilia tundu lisidondoke. Vishikizo hivyo vitaacha mapengo kwenye herufi, na mapengo hayo yatazibwa kwa brashi ndogo stensili ikishaondolewa. Wengine huyaacha wakisema ndivyo stensili ilivyo. Kwenye kreti la soda sawa. Kwenye bango la kumkaribisha mzazi aliyesafiri kutwa nzima, yazibwe.

Marekani mpya usiifue. Ina wanga wa kiwandani unaopunguza unyonyaji, na hapo wanga huo ni rafiki yako. Ipige pasi tu, kwa sababu mkunjo ni mfereji wa rangi. Kama kitambaa kimeshafuliwa, kipake uji mwembamba wa wanga, kikauke, kisha kipige pasi. Bango la namna hiyo halifuliwi kwa nguvu baadaye, kwa kuwa rangi imekaa juu ya wanga nao huyeyuka. Tetroni ni laini na hung'aa vizuri, lakini rangi ya ukutani haishiki vema kwenye nyuzi zake. Hukaa juu juu, na bango likikunjwa mara chache inabanduka vipande vipande.

Tandika nailoni kwenye sakafu au meza ndefu. Magazeti hayafai, kwani hugandamana na rangi iliyopenya, tena wino wake huchafua kitambaa cheupe. Vuta kitambaa kikae bapa na ukibane kingo kwa selotepu ya karatasi. Kisha paka uzi chaki, watu wawili waushike ukiwa umekazwa, wa tatu auinue katikati na kuuachia. Unaacha mstari ulionyooka ambao baadaye unafutika kwa kitambaa kikavu. Penseli haifutiki hivyo.

Sasa rangi. Usiongeze maji. Hapo ndipo mabango mengi yanapoharibikia, kwa sababu mtu anataka iteleze kama anavyopaka ukuta, au anataka kopo litoshe. Kwa bango hili nusu lita inatosha na kubaki, maana eneo la herufi zote halifiki mita moja ya mraba. Iache iwe nzito kama mtindi. Mimina kidogo kwenye kifuniko, chovya ncha ya sponji iliyokatwa kwenye godoro au ya brashi fupi yenye nywele ngumu, kisha igongegonge kwenye kipande cha boksi mpaka iache alama kavu yenye vitundu. Hapo ndipo inaruhusiwa kukaribia kitambaa.

Usifagie. Ukivuta brashi kando, nywele zinaingia chini ya ukingo zikisukuma rangi mbele yake. Ishike wima na uigonge juu na chini, ukianzia kwenye ukingo kuelekea katikati, huku vidole vya mkono wa pili vikikandamiza stensili karibu na pale unapogonga. Ukingo unapata rangi kidogo ya kwanza, inakauka upesi, nayo inakuwa ukuta wa kuzuia inayofuata.

Mkono wa kwanza lazima uonekane hafifu. Hili ndilo gumu kuwafundisha wanafunzi. Wakiona kitambaa kinachungulia katikati ya rangi, hamu ni kuongeza palepale. Waambie waache. Rangi ikiongezwa juu ya rangi mbichi, sehemu moja inalowa na nyingine inabaki kavu, na mabaka hutokea hapo. Inua stensili moja kwa moja kwenda juu bila kuiburuza, futa mgongo wake kwa kitambaa kikavu, halafu ruka herufi moja. Andika K, kisha R, kisha B, ndipo urudi kwenye A na I. Usiporuka, mbavu za stensili zitalalia herufi mbichi ya jirani. Kabla ya kuinua, weka alama ya chaki kwenye pembe za stensili, kwa sababu itarudi mahali hapo hapo.

Mkono wa pili uje wa kwanza ukishakauka kabisa. Mchana wa jua Dodoma, saa moja inatosha. Tanga au Mombasa wakati wa unyevunyevu, subiri zaidi, na uguse kwa kidole kwanza. Safari hii rangi haina pa kusambaa, kwa kuwa nyuzi zimekwisha kujazwa, ila bado iwe kidogo. Rudisha stensili kwenye alama zake, au kama mkono wako umetulia, jaza kwa brashi ndogo ukikaa milimita chache ndani ya ukingo. Ziba mapengo ya vishikizo wakati huo huo, ili yapate rangi ya mchanganyiko mmoja na herufi nzima. Kila sehemu ukimaliza, inyanyue kitambaa kidogo kisigandie kwenye nailoni.

Kuukagua usawa wa rangi usiku chini ya taa ni kujidanganya. Watu wawili waliinue bango, jua liwe nyuma yake, nawe usimame mbele. Palipo hafifu patapenyeza mwanga kama vitobo. Paguse hapo tu, kwa sponji kavu.

Bluu, nyeusi na kijani iliyokolea kwenye kitambaa cheupe hukamilika kwa mikono miwili. Njano ni habari nyingine. Kwenye kitambaa cha rangi haifuniki, hata ukipaka mara tatu. Anza na nyeupe, ikauke, ndipo njano. Rangi ya mafuta, ambayo baadhi ya mafundi huipenda kwa mng'ao wake, siishauri kwa pamba. Mafuta yake hutembea kwenye nyuzi taratibu, na baada ya muda kila herufi inazungukwa na kivuli cha manjano kisichotoka. Isitoshe, hukakamaa na kupasuka inapokunjwa.

Maandishi madogo, kama jina la mgeni rasmi au aya ya Biblia kwenye bango la kanisa, yasilazimishwe kupita kwenye stensili. Herufi ikiwa chini ya sentimita 5, vishikizo vinakuwa vyembamba kiasi cha kukatika, na manyoya kidogo tu yanaifanya isisomeke. Yaandike kwa brashi nyembamba au uyaache.

Sherehe ikiisha, livingirishe bango kwenye mti na herufi zikiwa upande wa nje, na uweke nailoni katikati. Ukilikunja na kulifungia kwenye stoo yenye bati la moto, rangi ya maji hulainika na herufi hugandana zenyewe kwa zenyewe. Na mwaka msiuandike kwenye kitambaa. Uandikeni kwenye kipande cha pembeni, mkipachike kwa pini kwenye nafasi iliyobaki mwisho wa mstari wa chini, na bango hilo litawakaribisha wazazi tena mwakani.