Zambia: Namna muuzaji wa nje anavyopaswa kueleza bei inayodumu kwa muda mfupi

Kati ya Julai na mapema Septemba 2021, dola moja ya Marekani ilishuka nchini Zambia kutoka zaidi ya kwacha 22 hadi takriban 16. Sarafu ya taifa iliimarika kwa kasi baada ya uchaguzi wa Agosti uliomwingiza madarakani Rais Hakainde Hichilema. Waagizaji wa bidhaa walinufaika, lakini wauzaji wa nje waliotaja bei kwa dola walibaki na gharama zilezile za kwacha.

Tuchukue mfano wa muuzaji wa asali. Kilo moja inamgharimu kwacha 66 kuinunua kwa wafugaji nyuki, kuichuja na kuifungasha. Akiiuza kwa dola 4, kwa kiwango cha kwacha 22 atapata kwacha 88, yaani faida ya 22. Kiwango kikishuka hadi 16, dola hizohizo 4 zitampa kwacha 64, na atakuwa amepata hasara.

Ndiyo maana wauzaji wengi huandika chini ya ankara kifani: “Bei zinaweza kubadilika wakati wowote.” Sentensi hiyo haimsaidii mnunuzi. Hajui ana siku ngapi za kupata idhini ya wakuu wake, na anaweza kudhani kuwa ametegewa nyongeza ya bei.

Maelezo bora hutaja kiwango kilichotumika, siku ya mwisho, kitendo kinachofunga bei na kitakachofuata baadaye. Kwa mfano:

“Bei ya dola 4 kwa kilo imekokotolewa kwa kwacha 22 kwa dola, kiwango cha benki yetu cha kununulia dola tarehe 5 Julai. Itadumu hadi tarehe 12 Julai, saa 11 jioni kwa saa za Lusaka. Tukipokea oda iliyotiwa saini kabla ya hapo, bei haitabadilika. Baada ya hapo tutaikokotoa upya kwa kiwango cha siku hiyo, iwe itapanda au itashuka.”

Kiwango kinachotajwa ni cha benki ya muuzaji kwa sababu ndicho atakacholipwa; kile cha wastani cha Benki Kuu kwa kawaida huwa juu kidogo. Maneno “itapanda au itashuka” nayo yana uzito: kwa kiwango cha 16, kwacha 88 ni dola 5.50, lakini kwa kiwango cha 24 hazifiki dola 3.70. Mnunuzi huona kuwa kanuni ni moja kwa pande zote mbili.

Hata hivyo, maelezo hayo humlinda muuzaji hadi oda inapopokelewa tu. Ikiwa malipo yatafanyika siku 60 baadaye, hatari hurejea. Hapo hulazimika kudai malipo ya awali yanayotosha gharama zake, au kukubaliana na benki mapema kuhusu kiwango itakachonunulia dola zake siku ya malipo.