Picha ya mkono huonyesha umri wa mifupa, si tarehe ya kuzaliwa

Mzazi anayempeleka hospitalini mtoto aliye mfupi kuliko wenzake hushangaa daktari anapoagiza mkono wa kushoto upigwe eksirei, ilhali mkono hauumi. Sababu ni kwamba mifupa ya mtoto ina umri wake. Umri huo unaweza kuwa sawa na ule unaohesabiwa tangu siku ya kuzaliwa, au ukawa mbele au nyuma yake. Tofauti kati ya umri hizo mbili humsaidia daktari kujua kama mtoto amechelewa tu kukua au ana ugonjwa unaohitaji matibabu.

Mkono huchaguliwa kwa sababu kuanzia kifundo hadi ncha za vidole una mifupa 27, na yote huonekana katika picha moja ndogo. Mkono wa kushoto ndio uliokubaliwa na wataalamu kote duniani ili picha zilinganishwe kwa kipimo kimoja. Mtoto huvuliwa bangili na pete, kisha hulaza kiganja juu ya kibao, vidole vikiwa vimeachana kidogo. Picha lazima ionyeshe pia ncha za mifupa miwili ya mkono karibu na kifundo. Mkono ukipinda, mtoto akitikisika au kifundo kikikatwa nje ya picha, usomaji hautaaminika. Mionzi inayotumika ni kidogo sana, chini ya ile ambayo kila mtu hupata kwa siku moja kutoka ardhini na angani.

Kinachosomwa katika picha

Mtoto mchanga akipigwa picha, kifundo chake huonekana kama pengo tupu. Mifupa midogo minane ya hapo bado ni gegedu laini, na eksirei haionyeshi gegedu. Miwili ya kwanza hujitokeza katika miezi ya mwanzo ya maisha, na mingine hufuata kwa mpangilio. Mtoto anapofika miaka sita au saba, saba kati ya hiyo minane huwa imeonekana. Wa nane, ulio kama punje ya njegere, huja baadaye, mtoto anapokaribia kubalehe.

Sehemu ya pili inayosomwa ni ncha za mifupa mirefu ya vidole na ya mkono. Kila ncha ina kipande cha mfupa kilicho kama kifuniko, kilichotengwa na mfupa wenyewe na mstari mweusi. Mstari huo ni gegedu la ukuaji, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Mwanzoni kifuniko huwa chembamba kuliko mfupa. Baadaye hulingana nao kwa upana, kisha huukumbatia pembeni, na mwishowe huungana nao na mstari kutoweka. Ncha za vidole huanza kufunga. Mfupa mkubwa wa kifundo, ulio upande wa kidole gumba, hufunga mwisho, karibu na miaka 17 kwa msichana na miaka 18 au 19 kwa mvulana. Mistari ikishafunga, hakuna dawa inayoweza kumwongezea mtu urefu.

Daktari wa picha hulinganisha hatua hizo na picha za atlasi. Inayotumika sana ni ile ya Greulich na Pyle, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1950. Ina kurasa za wavulana na za wasichana mbali mbali, kwa kuwa mifupa ya wasichana hukomaa mapema zaidi.

Mfano wa usomaji

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo. Mvulana wa Keroka ana miaka 13 na miezi 2, na urefu wa sentimita 138. Kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani, wastani wa umri huo ni takriban sentimita 157, kwa hiyo amebaki nyuma sana. Picha yake inaonyesha mfupa wa njegere ukianza tu kujitokeza. Vifuniko vya vidole vimelingana na mifupa kwa upana, lakini bado havijaikumbatia. Kijifupa kidogo kando ya kidole gumba, ambacho wavulana wengi hukipata karibu na miaka 13, hakipo. Picha inayofanana naye zaidi katika atlasi ni ya mvulana wa miaka 11.

Katika umri huu, tofauti ya mwaka mmoja ni ya kawaida. Inapozidi miaka miwili, daktari huchunguza zaidi. Akitazama chati tena kwa miaka 11, anaona kwamba wastani ni takriban sentimita 143. Kwa umri wa mifupa yake, basi, mvulana huyu si mfupi kupita kiasi, na bado ana muda wa kukua.

Hata hivyo, picha peke yake haisemi kwa nini amechelewa. Jibu hutokana na vipimo vya nyuma. Ikiwa amekuwa akiongeza sentimita tano kila mwaka, na baba yake naye alichelewa kubalehe, huenda ni mkawio wa kawaida tu. Ikiwa ameongeza sentimita mbili tu mwaka mzima, mifupa ileile ya miaka 11 ni dalili ya hatari. Upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, upungufu wa homoni ya ukuaji, utapiamlo na magonjwa ya muda mrefu yote huchelewesha mifupa.

Kinyume chake pia hutokea. Msichana anayeota matiti kabla ya miaka minane huweza kuwa mrefu kuliko wenzake, na wazazi wakafurahia. Picha ikionyesha mifupa ya miaka 10, mistari yake inakimbilia kufunga, na anaweza kuishia kuwa mtu mzima mfupi. Huyo asisubiri.

Mipaka ya kipimo

Atlasi hiyo ilitokana na watoto wa familia zenye uwezo huko Cleveland, Marekani, wengi wakipigwa picha miaka ya 1930. Mtoto mwenye afya wa hapa anaweza kutofautiana nao. Aidha, madaktari wawili wakisoma picha moja wanaweza kupishana kwa miezi sita au zaidi. Kwa hiyo picha haiwezi kutaja siku wala mwaka wa kuzaliwa, na mistari yote ikishafunga haitofautishi kijana wa miaka 19 na mtu wa miaka 25.

Ndiyo maana tarehe sahihi ni muhimu. Mtoto aliyepunguziwa miaka miwili kwenye karatasi za shule ataonekana kana kwamba mifupa yake iko mbele, na daktari atatafuta ugonjwa ambao haupo. Mzazi alete cheti cha kuzaliwa na kijitabu cha kliniki, pamoja na vipimo vyovyote vya urefu vilivyoandikwa na tarehe zake.

Kwa kuwa Keroka iko mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, mtoto anaweza kupigwa picha Kisii mwaka huu na kurudiwa Nyamira mwaka ujao. Mzazi aombe na kuhifadhi picha ya kwanza pamoja na maelezo yake, kwa sababu picha ya pili humfaa daktari zaidi ikiwekwa kando ya ile ya kwanza.